Daftari la Oda la Fundi Nguo

Daftari la oda ndilo linalobeba kila kazi ya fundi nguo tangu mteja anapopimwa mpaka anapoondoka na nguo yake mkononi. Mafundi wengi hutumia kaunta buku lenye jalada gumu, kwa kuwa linastahimili kufunguliwa mara nyingi kwa siku na karatasi zake hazichomoki ovyo. Ndani yake huandikwa vipimo vya mteja, kitambaa alicholeta, advansi aliyotoa, tarehe aliyoahidiwa na salio analodaiwa. Kwa kawaida vipimo huandikwa kwa uangalifu na hayo mengine kwa haraka, ilhali nguo iliyobana hurekebishwa kwa saa moja, na gauni lililokamilika siku moja baada ya harusi halina marekebisho. Kwa hiyo sehemu inayostahili akili nyingi zaidi ni tarehe. Hata hivyo, hakuna tarehe inayoweza kuandikwa sawasawa kabla vipimo, kitambaa na fedha havijakaa mahali pake, na ndiyo maana uandishi wa oda huanza huko.

Mpangilio unaofaa ni kuipa kila oda kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kushoto unabeba mwili na nguo: vipimo, mchoro mdogo wa mshono, na kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa stepla. Ukurasa wa kulia unabeba fedha na tarehe. Juu ya kurasa zote mbili inaandikwa namba ya oda, na namba hizo huendelea mbele bila kurudi mwanzo kila mwezi, ili pasiwe na oda mbili zenye namba moja. Namba hiyohiyo huandikwa kwenye kikaratasi kinachobanwa kwa pini kwenye kitambaa, na kwenye kadi anayopewa mteja. Jina peke yake halitoshi. Katika mtaa mmoja akina Mama Asha wanaweza kuwa watatu, na msimu wa harusi ukifika kitenge kimoja kinaweza kuletwa na watu kumi.

Vipimo huandikwa kwa mfuatano uleule kila siku, hata kama nguo inayoshonwa haihitaji vyote. Kwa gauni la mwanamke, mfuatano unaweza kuwa bega, kifua, kiuno, hipsi, bega mpaka kiuno, urefu wa gauni, urefu wa mkono na mzunguko wa mkono. Faida ya mfuatano usiobadilika ni kwamba kipimo kilichosahaulika huonekana palepale kama nafasi tupu, mteja akiwa bado amesimama dukani. Fundi asiye na mfuatano hugundua pengo siku ya kukata, usiku, mteja akiwa hapokei simu. Pale penye msaidizi, anayepima hutaja na anayeandika hurudia kwa sauti kabla ya kuandika. Namba mbili zilizogeuzwa, kama 34 ikawa 43, hukamatwa kwa sikio kabla hazijaharibu kitambaa.

Juu ya safu ya vipimo lazima ijulikane kama namba zile ni za mwili au za nguo. Jambo hili dogo ndilo chanzo cha magauni mengi yanayobana. Kifua cha inchi 38 kikipimwa mwilini, gauni haliwezi kukatwa inchi 38, kwani mtu hupumua, huketi na huinua mikono. Fundi huongeza nafasi, labda inchi mbili au tatu kwa kitambaa kisichovutika, kisha huongeza tena cha kuingia kwenye mshono. Ikiwa aliyepima aliandika 38 ya mwili na anayekata akaidhania kuwa ni ya nguo, gauni litatoka dogo ingawa kila mmoja alifanya kazi yake vizuri. Ikiwa aliyepima alikwisha kuongeza nafasi kichwani na anayekata akaongeza tena, gauni litaning'inia. Kanuni salama ni kuandika vipimo vya mwili tu, na kuandika nafasi iliyoongezwa pembeni kwa alama ya kujumlisha, 38 + 3, ili hesabu yote ionekane. Mteja akileta nguo yake ya zamani ipimwe badala ya mwili, hilo nalo huandikwa kwa maneno: vipimo vya nguo.

Tarehe ya kupima inahitajika pia. Wateja wa kudumu hupenda kusema fundi atumie vipimo vya mwaka jana, na pengine hakuna tatizo, lakini kwa mtoto wa shule, kwa mama mjamzito au aliyejifungua karibuni, na kwa mtu aliyetoka kuugua, vipimo vya miezi mitatu iliyopita si vipimo tena. Futi kamba yenyewe inastahili kushukiwa. Ile ya kitambaa hurefuka kwa kuvutwa miaka mingi. Inatosha kuilaza kando ya rula ya chuma mara moja kwa mwezi.

Baada ya mwili huja kitambaa. Kitenge huuzwa kwa pisi ya yadi sita, na fundi mwenye mazoea huandika "pisi moja" akaendelea. Mwenye uangalifu hukipima mbele ya mteja, kwa sababu pisi hupungua mara nyingine, na upungufu ukionekana wiki mbili baadaye lawama humwangukia fundi. Anachoandika ni urefu aliopokea, si jina la pisi. Huandika pia doa, tundu au mstari wa rangi uliokosea kiwandani, na kama mteja anadai mabaki yake. Mabaki yasiyotajwa kwenye daftari yamevunja uhusiano mwingi mzuri kati ya mafundi na wateja wao.

Ukurasa wa kulia huanza na bei, nayo hugawanywa mara mbili: ufundi na vifaa. Ufundi ni malipo ya mikono na cherehani. Vifaa ni bitana, zipu, gamu, vifungo, lastiki na uzi wa rangi maalumu, yaani vile ambavyo fundi atavinunua kwa fedha taslimu kabla ya kumaliza kazi. Bei ikiandikwa kama jumla moja, hakuna anayeweza kuona advansi inatakiwa iwe kiasi gani. Ikigawanywa, kiwango cha chini kabisa hujitokeza chenyewe: advansi haiwezi kuwa pungufu ya vifaa. Fundi anayepokea advansi ndogo kuliko gharama ya vifaa amekubali kumkopesha mteja fedha, juu ya kumkopesha kazi yake. Nusu ya bei ni desturi iliyoenea, nayo inafaa kwa kazi nyingi, isipokuwa zile ambazo vifaa vyake ni ghali kuliko ufundi, kama koti lenye bitana nzuri. Hapo nusu haitoshi.

Kila fedha inayoingia huandikwa kwenye mstari wake, na tarehe yake, na njia iliyolipiwa. Malipo ya simu yana kasoro yake: jina linaloonekana kwenye ujumbe mara nyingi ni la mume, dada au jirani aliyetuma kwa niaba. Kwa sababu hiyo huandikwa herufi na namba chache za mwisho za kumbukumbu ya muamala, na jina la mtumaji, kando ya namba ya oda. Mstari uliokwisha kuandikwa haufutwi wala haubandikwi karatasi juu yake. Bei ikibadilika, badiliko huwa mstari mpya chini yake. Mteja anapoona wino uliokwanguliwa kwenye ukurasa wake wa fedha, huacha kuamini hata yale ambayo ni kweli.

Kuna jambo kuhusu advansi ambalo daftari pekee ndilo linaweza kulionyesha. Fedha hiyo inapoingia mfukoni huonekana kama mapato, kumbe ni deni. Fundi amepokea fedha na bado hajatoa nguo. Angeugua leo, fedha ile ingetakiwa kurudi. Kinachotokea kwenye vibanda vingi ni kwamba advansi ya mteja wa leo hununua zipu na bitana za mteja wa wiki iliyopita, ambaye advansi yake ilikwisha kwenda kwenye kodi ya fremu au unga wa nyumbani. Mzunguko huo unaweza kuendelea miezi kadhaa bila mtu kutambua, maadamu wateja wapya wanaingia. Wiki wasipoingia, kazi zote husimama pamoja, na wateja huambiwa waje kesho, kisha keshokutwa, na fundi ambaye si mwizi huanza kuonekana mwizi.

Dalili yake hupatikana kwa hesabu ya dakika kumi kila Jumamosi jioni. Fundi hupitia oda zilizolipiwa advansi lakini bado hazijanunuliwa vifaa, hujumlisha gharama ya vifaa hivyo, kisha huhesabu fedha za duka alizo nazo, za sandukuni na za kwenye simu. Tuseme vifaa vinavyosubiriwa ni vya shilingi 96,000 na fedha zilizopo ni 40,000. Shilingi 56,000 za wateja zimekwisha kuliwa, na kazi kadhaa tayari zimechelewa, ingawa tarehe zake bado hazijafika. Hesabu hii huonya mapema kuliko mteja yeyote anayelalamika, na dawa yake rahisi ni kununua vifaa vya oda siku ileile advansi inapopokelewa, au siku ya pili yake, na kuvifunga pamoja na kitambaa chini ya namba moja.

Sasa inawezekana kuzungumzia tarehe. Mteja huingia na tarehe yake kichwani, na fundi, kwa kuogopa kumpoteza, huikubali. Kosa liko hapo. Tarehe hutokana na saa za cherehani zilizobaki, na saa hizo hazionekani kwenye kurasa za oda, kwa sababu oda zimepangwa kwa jinsi zilivyoingia na si kwa jinsi zinavyotakiwa kutoka. Oda namba 140 inaweza kuwa ya mwezi ujao na namba 146 ikawa ya kesho. Ndiyo maana nyuma ya daftari hutengwa kurasa za siku: kila siku ya kazi mstari mmoja, na juu ya mstari huo namba za oda zitakazoshughulikiwa na saa zitakazotumika. Daftari lisilo na kurasa hizi ni kumbukumbu tu ya yaliyoahidiwa, na haliwezi kumwambia fundi kama ahadi mpya inawezekana.

Ili kujaza kurasa hizo, fundi lazima ajue mambo mawili. La kwanza ni muda wa kila aina ya nguo mikononi mwake, kuanzia kukata hadi kupiga pasi, uliopimwa kwa saa ya ukutani na si kwa kumbukumbu. Dira la kawaida linaweza kuchukua saa moja na nusu, suruali saa tatu, na gauni la kitenge lenye bitana saa tano. Kila fundi ana namba zake. La pili ni saa halisi za kushona kwa siku. Duka linaweza kufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, lakini kati yake kuna kupima wateja, kwenda kutafuta uzi, kupandisha zipu ya jirani, na umeme kukatika wakati pasi inahitajika. Zinazobaki kwa kushona huwa sita hivi. Fundi anayejihesabia saa kumi atachelewa kila wiki bila kuwa mvivu hata siku moja.

Chukua mfano wa fundi wa Temeke anayeshona peke yake kwa saa sita kwa siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, yaani saa 30 kwa wiki. Jumamosi ameiacha kwa marekebisho na dharura, na hatoi ahadi ya kushona kitu kipya siku hiyo. Jumamosi tarehe 1 anakuja dada wa bibi harusi kuagiza sare za wasimamizi sita, magauni ya kitenge yenye bitana. Harusi ni Jumamosi tarehe 22. Wiki tatu zinaonekana kuwa nyingi, na mteja anaomba nguo ziwe tayari tarehe 14 ili watu wasihangaike.

Magauni sita kwa saa tano ni saa 30. Fundi anafungua kurasa za siku. Wiki ya tarehe 3 hadi 7 ina saa 26 zilizokwisha kuahidiwa, kwa hiyo zimebaki nne. Wiki ya tarehe 10 hadi 14 ina saa 12 za sare za shule, zimebaki 18. Jumla hadi tarehe 14 ni saa 22, na kazi inataka 30. Saa nane zinazopungua zinaangukia Jumatatu tarehe 17, saa sita, na Jumanne tarehe 18, saa mbili. Kazi itaisha Jumanne hiyo. Tarehe ya kuchukua inaandikwa Alhamisi tarehe 20, siku mbili baadaye, na tarehe 14 iliyoombwa inakataliwa waziwazi, mteja akionyeshwa sababu kwenye karatasi. Mteja anayeona mistari iliyojaa huelewa haraka kuliko yule anayeambiwa tu kwamba kazi ni nyingi.

Kwenye ukurasa wa oda hii, ambayo ni namba 147, zinaandikwa tarehe tatu. Ya kwanza ni tarehe ya mwisho ya kupokea kitambaa na vipimo vyote, Jumatatu tarehe 3. Ya pili ni ya kujaribu, Jumamosi tarehe 15, magauni yakiwa yamekwisha kuunganishwa lakini pindo na bitana bado. Ya tatu ni ya kuchukua. Ile ya kwanza ndiyo inayosahaulika zaidi na ndiyo inayomlinda fundi kuliko zote. Katika sare za harusi, kitambaa huletwa mapema na wenye miili hawaji. Tuseme mpaka tarehe 3 wamepimwa wanne, na wawili walio Morogoro wanasema watakuja mwisho wa wiki. Daftari linaandika "vipimo 4 kati ya 6", na kwa hao wawili ahadi ya tarehe 20 imesimama mpaka watakapopimwa. Hilo husemwa siku ya kuagiza na huandikwa kwenye kadi ya mteja, kwa maneno mafupi: tarehe inahesabiwa tangu vipimo na kitambaa vinapokamilika. Likisemwa kwa mara ya kwanza tarehe 19, ni udhuru.

Fedha za oda hiyo zinakwenda hivi. Ufundi ni shilingi 35,000 kwa gauni, vifaa ni 9,000, na kwa magauni sita jumla ni 264,000. Advansi ya nusu ni 132,000, na ndani yake 54,000 ni za bitana, zipu na gamu, zinazonunuliwa mara moja. Siku ya kujaribu dada wa bibi harusi analipa 50,000. Siku hiyohiyo msimamizi mmoja anataka mikono ya gauni lake ibadilishwe iwe ya puto, na fundi anakubali kwa nyongeza ya 5,000. Nyongeza inaandikwa kwenye mstari wake na mlipaji anaweka sahihi. Jumla mpya ni 269,000, zilizolipwa ni 182,000, na salio ni 87,000. Kwa nyongeza hiyo huandikwa pia saa zake. Mikono ya puto inaweza kula saa moja na nusu, nayo hutolewa kwenye mstari wa Jumanne tarehe 18, ambapo zilibaki saa nne. Mabadiliko yanayoongezwa kwenye bei bila kuongezwa kwenye kurasa za siku ndiyo yanayovunja tarehe za watu wengine wasiohusika kabisa na mikono hiyo.

Oda ya kikundi huandikwa pia jina la mlipaji mmoja. Vipimo ni vya watu sita, kila mmoja na nafasi yake, lakini hesabu ni moja na anayedaiwa ni mmoja. Fundi akikubali kila msimamizi alipe chake, atajikuta na salio sita, na yule aliyemaliza kulipa atataka gauni lake wakati kazi ya kikundi haijakamilika. Ikibidi kuwa hivyo, basi ziwe oda sita zenye namba sita.

Wakati kazi zinaendelea, hali ya kila oda huonyeshwa kwa herufi moja pembezoni mwa ukurasa: K imekatwa, S imeshonwa, J imejaribiwa, T iko tayari, na C imechukuliwa, kila herufi na tarehe yake. Herufi hizi zinatenganisha salio za aina mbili ambazo mafundi huzichanganya. Fundi anaweza kujumlisha salio zote za daftari na kupata shilingi 410,000, akajiona ana fedha nyingi nje. Akitazama herufi, huenda akakuta zenye T ni 120,000 tu. Hizo ndizo anazoweza kudai leo kwa kupiga simu. Zile 290,000 nyingine hazidaiki na mtu yeyote mpaka yeye mwenyewe aketi kwenye cherehani. Anayepanga kulipa kodi kwa kutegemea jumla yote amepanga kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa bado ni kitambaa.

Oda zilizolala nazo ni za aina mbili, na tofauti yao ni nani anayemsubiri nani. Oda iliyopita tarehe bila kufikia T imelala kwa fundi. Oda yenye T ambayo mteja hajatokea imelala kwa mteja. Zikichanganywa kwenye orodha moja, fundi hujitetea kwa zile za pili anapoulizwa juu ya zile za kwanza. Kila Jumamosi, katika hesabu ileile ya fedha, zinaorodheshwa kando kando, zikiwa na idadi ya siku zilizopita tangu tarehe ya ahadi.

Kwa zile zilizolala kwa fundi, idadi ya siku haitoshi. Sababu lazima iandikwe, kwa kuwa kila sababu ina tiba yake. Iwapo K haipo, kazi haijaanza, na kosa lilikuwa kwenye kurasa za siku. Iwapo K ipo na S haipo kwa muda mrefu, mara nyingi kuna kifaa kinachosubiriwa, na swali ni kama advansi yake bado ipo. Iwapo S ipo na J haipo, mteja hakuja kujaribu, na anatakiwa kupigiwa simu kabla lawama haijahama. Fundi anayepitia miezi miwili ya sababu hizi ataona inayojirudia. Wengine hugundua kwamba karibu kila suti yao huchelewa wakati magauni hutoka kwa wakati, maana yake ni kwamba saa walizoziandikia suti si za kweli.

Kuchelewa kukishaonekana, tarehe mpya huandikwa chini ya ile ya zamani, ambayo huachwa isomeke, na mteja huarifiwa siku hiyohiyo, kabla tarehe ya kwanza haijafika. Tarehe mpya hutolewa kutoka kurasa za siku kama ilivyotolewa ya kwanza. "Kesho" inayosemwa mlangoni ili mteja aondoke haina mstari popote, na kwa hiyo haitatimizwa. Katika mpangilio wa kazi zilizokwisha kuchelewa, zinazotangulia ni zile zenye tukio: harusi, mahafali, arobaini, siku ya kufungua shule. Pazia linaweza kusubiri siku nne bila mtu kuumia. Kwa sababu hiyo tukio lenyewe huandikwa kando ya tarehe wakati wa kuagiza, kwani tarehe 20 pekee haisemi kama kuna siku mbili za nafasi nyuma yake au hakuna hata moja.

Zilizobaki ni nguo zilizo tayari na mwenyewe hajaja. Hapa fundi ana haki ambayo wengi huitumia bila kujua kuwa ni ya kisheria. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, na katika sheria hiyo ya India, aliyekabidhiwa mali ya mtu na kuifanyia kazi ya ustadi anaweza kuishikilia mpaka alipwe ujira wa kazi hiyo. Mmoja wa mifano inayotolewa humo ni fundi nguo mwenyewe. Mtu anampa fundi kitambaa cha koti, na fundi anaahidi kumkabidhi koti mara likiisha na kumpa miezi mitatu ya kulipa. Fundi huyo hana haki ya kulishikilia koti, kwa sababu mwenyewe alikwisha kukubali kukopesha. Maneno mafupi kwenye ukurasa wa kulia, "salio kabla ya kuchukua", yanaamua fundi yuko upande gani wa mfano huo. Mteja wa kudumu akipewa nguo kwa mkopo, tarehe ya kulipa huandikwa na sahihi yake huwekwa chini, na oda hiyo hupewa C lakini haifungwi.

Kushikilia nguo si sawa na kuiuza. Kitambaa ni cha mteja, na fundi anayeuza gauni lililokaa kabatini ili kufidia salio anaweza kudaiwa thamani yake yote. Kenya ina sheria maalumu kuhusu mali zisizochukuliwa na wenyewe, inayotaka muda upite na taarifa itolewe kabla ya kuuza. Popote alipo, kinachomsaidia fundi ni ushahidi kwamba mteja alijulishwa: tarehe ya T, na chini yake tarehe za simu na ujumbe uliotumwa, kila moja mstari wake. Nguo zenyewe huwekwa kwenye mfuko wenye namba ya oda, mbali na jua na panya, na huhesabiwa mara moja kwa mwezi kulinganishwa na daftari. Mfuko usio na oda, au oda yenye T isiyo na mfuko, hutafutwa siku hiyohiyo, wakati bado kuna anayekumbuka.

Mteja anapofika, hujaribu nguo kabla ya kulipa, salio hupokelewa na kuandikwa, mabaki ya kitambaa hukabidhiwa kama yalidaiwa, na yeye huweka sahihi kando ya herufi C. Kadi yake hurudishwa na kubanwa kwenye ukurasa. Vipimo vya kushoto hubaki wazi kwa oda ijayo, pamoja na marekebisho yoyote yaliyofanyika siku ya kujaribu, kwa mfano "kiuno kimepunguzwa inchi moja", maana hicho ndicho kipimo cha kweli cha mteja huyo, na fundi asipokiandika atakosea palepale mara ya pili.